Kwa Nini Mchoro Wako Umeshika Nafasi ya Tatu

Kila matokeo ya shindano la uchoraji yanapobandikwa, swali ni lile lile: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Mshindi wa kwanza haulizi. Wa mwisho huwa ameshaukunja mchoro wake na kuondoka. Anayeuliza, tena kwa uchungu, ni wa tatu, kwa sababu aliukaribia ushindi na hajui ni kitu gani hasa kilichomtenga nao.

Safari hii najibu kwa maandishi. Namwandikia mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili kuhusu mchoro wake mmoja wa penseli, na ameridhia ninyi wengine msome, maana kasoro zilizomrudisha nyuma nazikuta katika kazi zenu karibu zote. Vitu vya kuchora vilikuwa sawa kwa kila mshiriki: sufuria ya aluminiamu, mbuzi ya kukunia nazi na vizio viwili vya nazi, kimoja kimefunikwa na kingine kinatazama juu. Vyote vilikuwa juu ya meza, na mwanga uliingia kwa dirisha la kushoto. Karatasi ilikuwa A3, na muda ulikuwa saa mbili.

Ulichofanya vizuri, usikiache

Mwanangu, nianze na mambo ambayo sitaki uyaguse. Wengi wakiambiwa wamekuwa wa tatu hubadilisha kila kitu, hata kile kilichowafikisha hapo.

La kwanza ni vipimo. Nilikuona umenyoosha mkono, umefumba jicho moja, na kidole gumba kikiteleza juu ya penseli kupima sufuria. Ndiyo maana upana wa sufuria yako ni karibu mara mbili ya kimo chake, kama ilivyokuwa mezani. Wenzako wengi walichora sufuria ndefu kama ndoo kwa sababu walichora sufuria waliyoikumbuka, si ile iliyokuwa mbele yao.

La pili ni mpangilio. Hukuvipanga vitu kama wanafunzi waliosimamishwa mstari mmoja kupigwa picha. Ulichagua kukaa mahali ambapo mbuzi inapita mbele ya sufuria, na kizio kimoja kinajificha nusu nyuma ya mguu wa mbuzi. Kitu kinapokatiza kingine, mtazamaji anajua kipi kiko mbele bila kuambiwa.

La tatu ni nyuzi za makumbi zilizobaki kwenye kifuu cha kile kizio kilichofunikwa. Hukuzichora zote kwa mstari wa uzito mmoja. Upande wa dirisha ulizichora nyembamba na za kukatikakatika, upande wa kivuli ukazifanya nzito na za kushikana. Jaji mmoja aliinama akalitazama eneo lile kwa muda mrefu. Hapakuwa na kipande kizuri kama kile katika mchoro mwingine wowote, hata ule wa kwanza.

Kilichokurudisha nyuma: mchoro unaoonekana kwa karibu tu

Sasa nikueleze tunavyohukumu. Michoro hubandikwa ukutani bila majina, nasi husimama kwanza upande wa pili wa chumba. Kutoka pale nyuzi za makumbi hazionekani, wala meno ya mbuzi. Kinachofika machoni ni maeneo meusi na meupe tu. Michoro ya kwanza na ya pili ilisomeka kutoka pale: hii sufuria, hii nazi, mwanga unatoka kushoto. Wako ulionekana karatasi ya kijivu. Tulipousogelea ndipo tulipogundua kazi iliyomo, na hapo ndipo ukapanda hadi wa tatu.

Chanzo chake ni kwamba ulitia kivuli kila kitu kwa uzito ule ule. Sufuria ilikuwa kijivu cha wastani, meza vivyo hivyo, na mbuzi vivyo hivyo. Mahali peusi hasa hapakuwepo popote.

Tazama kizio kinachotazama juu. Nyama ya nazi ndiyo iliyokuwa nyeupe kuliko kitu chochote pale mezani, na ulifanya vema kuliacha eneo lenye mwanga likiwa karatasi tupu. Lakini meza iliyo nyuma yake nayo uliiacha karibu tupu. Ukapata cheupe juu ya cheupe, kikatenganishwa na mstari mmoja wa penseli. Weupe katika mchoro wa penseli hupatikana kwa kuuzungushia weusi. Ungeitia meza ile weusi wa kutosha nyuma ya kizio, nazi ingeng'aa bila wewe kuigusa, na ule mstari usingehitajika tena.

Kuna pia suala la penseli. Ulitumia HB peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kiini cha penseli ni unga wa grafaiti uliochanganywa na udongo na kuchomwa, njia aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu, nazo ndizo za H. Grafaiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, nazo ndizo za B. HB iko katikati. Ukiikandamiza ili itoe weusi isiokuwa nao, inachimba karatasi na kuacha eneo linalometameta. Inamisha mchoro wako dirishani uangalie chini ya sufuria: utaona eneo hilo. Ulitaka masizi, ukapata mng'ao.

Safari ijayo fuata utaratibu huu:

1. Pembeni mwa karatasi chora visanduku 5. Cha 1 kiache cheupe, cha 5 kitie weusi wote ambao penseli yako inaweza, kisha ujaze vitatu vya katikati vikipandana sawasawa.
2. Fumba macho nusu utazame vitu. Mambo madogo yatapotea, maeneo yatabaki. Tafuta mahali peusi kuliko pote na mahali peupe kuliko pote.
3. Tia weusi wa 5 mapema, katika eneo dogo. Pale mezani ulikuwa katika upenyo mwembamba ambapo mguu wa mbuzi unagusa meza, na kwenye masizi ya kitako cha sufuria. Weusi ukishakuwepo, kijivu kingine chote unakipima nao.
4. Jaza maeneo makubwa ya 2, 3 na 4 kwenye karatasi nzima kabla hujachora unyuzi hata mmoja.
5. Kila baada ya dakika 15 simama, rudi nyuma hatua tano, tazama. Kama kitu hakisomeki kutoka hapo, nyuzi hazitakiokoa.
6. Nusu saa ya mwisho ndiyo ya meno ya mbuzi na makumbi, kazi unayoipenda.

Jihadhari na jambo moja: usisambaze penseli kwa kidole. Najua inaonekana njia ya mkato ya kupata kivuli laini. Kidole kina mafuta, na mafuta yale yanashikisha grafaiti kwenye karatasi hata ufutio haung'oi vizuri. Isitoshe, kusambaza kunafifisha weusi na kuchafua weupe, yaani kunakurudisha kwenye kijivu kile kile tunachokikimbia. Jenga kivuli kwa mistari ya karibukaribu, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekea upande mwingine.

Ndani na nje havifanani

Kasoro hii ni ndogo kwa ukubwa, lakini majaji waliiona mapema, na huenda ndiyo iliyokukosesha nafasi ya pili.

Mwanga ulitoka kushoto. Nje ya sufuria ulitia kivuli upande wa kulia, na hapo uko sahihi. Kisha ulipofika ndani ya kizio kinachotazama juu, ukatia kivuli upande wa kulia vilevile. Matokeo yake kizio hakionekani kuwa na shimo. Kinaonekana kimetuna kama kile kilichofunikwa.

Katika kitu chenye uwazi, mambo hugeuka. Ukuta wa kushoto wa kizio ndio unaozuia mwanga wa dirisha, kwa hiyo ndani yake ndiko kwenye giza. Ukuta wa kulia, kwa ndani, unatazamana na dirisha na kuupokea mwanga wote. Hivyo, mwanga ukitoka kushoto:

- nje: kushoto kweupe, kulia kweusi;
- ndani: kushoto kweusi, kulia kweupe.

Usinikubalie kwa maneno tu. Chukua bakuli tupu la uji, liweke karibu na dirisha, chungulia. Utaona ukingo wa kivuli kilichomo ndani umepinda, tena kwenye bakuli la plastiki lisilong'aa unaonekana vizuri zaidi. Kwenye nazi kuna nyongeza: nyama yake nyeupe inarudisha mwanga, kwa hiyo hata ule upande wa giza hauwi mweusi. Ni 2, mara chache 3, kwenye ngazi yako ya visanduku. Ukiupa 4 unakuwa umechora nazi iliyooza.

Sufuria nayo ina ndani na nje, na humo ulikosea vilevile. Ila aluminiamu iliyosuguliwa inaleta utata, kwa sababu inabeba taswira za vitu vilivyo karibu: utepe wa dirisha hapa, kivuli cha mbuzi pale. Kwa sasa jizoeze na nazi na bakuli. Ukishavizoea, sufuria haitakusumbua.

Kitako cha sufuria yako kimenyooka

Mdomo wa sufuria ni duara, lakini ukiutazama kwa mshazari unaonekana umebanwa. Katika hisabati umbo hilo huitwa duaradufu. Mdomo uliuchora vizuri: una upana wa sentimita 16 na kimo cha 4, na pembeni umezunguka bila kuchongoka. Kisha chini ukachora mstari karibu wa rula, ukidhani kwamba sufuria inakaa juu ya meza bapa, basi na kitako chake ni bapa.

Kitako ni duara vilevile, na kiko chini zaidi ya macho yako kuliko mdomo. Duara likizidi kushuka chini ya usawa wa macho, unaliona zaidi kwa juu, kwa hiyo linazidi kufunguka. Mkunjo wa kitako lazima uwe mkubwa kuliko mkunjo wa mdomo kwa mbele, kidogo tu. Wewe uliufanya mdogo, na ndiyo maana sufuria yako inaonekana imekatwa chini kwa msumeno.

Tiba yake ni kuchora sufuria kana kwamba ni ya kioo:

- Piga mstari hafifu wa wima katikati ya sufuria.
- Chora duara lote la mdomo, mbele na nyuma.
- Chora duara lote la kitako, pamoja na ile sehemu ya nyuma usiyoiona.
- Hakikisha maduara yote mawili, la juu na la chini, yanagawanyika sawa kushoto na kulia kwa ule mstari wa katikati.
- Unganisha pembeni, kisha ufute usichokihitaji.

Sufuria zetu zina ukingo mpana uliolala, na hapo pana mtego. Ukingo huo hauonekani na upana mmoja kila mahali. Pembeni, kushoto na kulia, unaonekana mpana, na mbele na nyuma unaonekana mwembamba. Ukiuchora sawa kuzunguka kote, sufuria itafanana na kofia.

Najua mtaniuliza

*"Mwalimu, mbona wengine walichora kwa picha ya simu nyumbani, wanajua zaidi?"* Siku ya shindano hapakuwa na simu, na waliozoea kunakili picha ndio waliopata shida zaidi. Simu hujirekebishia mwanga yenyewe: mara nyingi hung'arisha vivuli kupita kiasi, au hugeuza eneo lote la giza kuwa weusi mtupu. Ukiisogeza karibu, hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma. Mimi naikubali simu kwa kazi moja, ya kujikagua. Piga picha mchoro wako ukiwa kando ya vitu vyenyewe, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha linganisha. Kama vitu vyenyewe vinaachana lakini vya kwenye mchoro haviachani, umeshajua pa kurekebisha.

*"Sina pesa ya penseli nyingi."* Huhitaji nyingi. HB ya mistari, 2B ya vivuli vya kati na 6B ya weusi zinatosha kwa muda mrefu. Ukikosa kabisa, kubali HB kama ilivyo: weusi wake wa mwisho uwe ndio 5 yako, halafu vingine vyote uvishushe viwe hafifu kuliko ulivyozoea. Kinachohesabika ni umbali kati ya kisanduku na kisanduku.

Njia nyingine ni mkaa wa kuchorea, nao hutengenezwa nyumbani mtu mzima akiwepo. Ule wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi. Chukua vijiti laini vikavu vyenye unene wa penseli, umenye gome, uvipange vimebanana ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo. Liweke kopo motoni mpaka moshi uache kutoka tunduni, yapata saa moja, kisha liache lipoe lenyewe. Ukilifungua likiwa moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto na unabaki na majivu.

*"Darasani mwetu kivuli kinahama kabla sijamaliza."* Ni kweli, na huku kwetu jua linakimbia. Fanya mambo matatu. Funga madirisha ya upande mmoja, kwa sababu mwanga wa pande mbili unazaa vivuli viwili na utakuchanganya. Chora asubuhi kabla ya saa tatu au alasiri baada ya saa kumi, maana jua la mchana liko utosini na vitu havina vivuli vya maana. Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, zungushia mstari hafifu kila kivuli kilichoanguka mezani. Kikihama, usikifuate. Fuata mstari wako.

*"Kwa nini tusibadilishe vitu? Nimeichoka sufuria."* Kwa sababu ukibadilisha kitu hujui kama mkono ndio uliobadilika au kitu ndicho kilichokuwa rahisi. Giorgio Morandi, mchoraji wa Bolonya nchini Italia aliyeishi kati ya 1890 na 1964, alitumia miongo kadhaa kuchora chupa, mitungi na makopo yale yale, akivisogeza kidogo tu. Mimi nakuomba wiki nne.

Cha kujaribu kuanzia wiki hii

Wiki ya kwanza, usitie kivuli kabisa. Chora mdomo na kitako cha sufuria kwa njia ya kioo, mara ukiwa umekaa, mara umesimama, mara umechuchumaa hadi mdomo wa sufuria uwe sawa na macho yako. Katika hali hii ya mwisho mdomo utageuka mstari mnyoofu, na huo ndio wakati pekee unaporuhusiwa kuuchora hivyo.

Wiki ya pili na ya tatu, chora kizio kimoja kinachotazama juu, kimewekwa juu ya kitambaa cheusi au kanga yenye rangi iliyokolea. Karatasi iwe ndogo, nusu ya A4. Sharti langu ni moja: usipige mstari wa nje kuzunguka nyama ya nazi. Kizio kitokee kwa sababu kitambaa nyuma yake ni cheusi. Mara ya kwanza kitakushinda pale ambapo mwanga umegusa kitambaa na nazi kwa pamoja. Hapo acha ukingo upotee. Jicho la mtazamaji litaumalizia.

Wiki ya nne, rudia mchoro wa shindano wenyewe, vitu vile vile, dirisha lile lile, saa mbili. Gawa muda hivi:

- dakika 30 za vipimo na mistari;
- dakika 60 za maeneo ya weusi na weupe;
- dakika 30 za nyuzi na meno.

Katika mchoro wako wa shindano nyuzi zilikula zaidi ya saa nzima. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, niliona.

Usiuchane mchoro wa nafasi ya tatu, wala usiurekebishe. Uandike tarehe kwa nyuma, uuhifadhi umelala, na karatasi safi juu yake ili usijisugue. Huo mpya ukikamilika, ibandike yote miwili ukutani na usimame upande wa pili wa chumba. Kisha niletee yote miwili ofisini kabla shule haijafungwa, pamoja na vile vizio vidogo vyote, hata vilivyokushinda. Mistari ya kupimia usiifute, nataka kuiona.